Meza Hupimwa kwa Kiwiko: Mahali pa Mtoto Kusomea, Kitale na Bungoma

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, mtoto anapofungua daftari jioni huwa na meza mbili za kuchagua. Ya kwanza ni meza fupi ya sebuleni iliyo mbele ya makochi, yenye kimo cha sentimita 45 hivi, na juu yake kitambaa cha kufuma ambacho mama hataki kiondolewe. Mtoto hupiga magoti, kifua kikaegemea ukingo wa meza, na kalamu ikipita juu ya tundu la kitambaa karatasi hutoboka. Ya pili ni meza ya kulia chakula, ambayo kimo chake ni sentimita 75 au karibu na hapo. Hapo mtoto wa gredi ya nne hukaa mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni, miguu inaning'inia, na baada ya dakika kumi keshakunja mguu mmoja na kuukalia ili apate kimo.

Mzazi akiona hivyo humwambia, "Kaa vizuri." Hakuna kukaa vizuri kwenye meza zile. Moja imetengenezwa kwa ajili ya chai na nyingine kwa ajili ya watu wazima, na mwili wa mtoto unajaribu tu kuzifikia. Ninavyoona mimi, suala zima la mahali pa kusomea linaanzia kwenye tofauti ya kimo kati ya kiti na meza. Wazazi wengi hununua taa na kupiga marufuku televisheni kabla ya kupima tofauti hiyo, kisha wanashangaa mbona mtoto bado hatulii.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Mtoto akae kwenye kiti, mgongo wima, mabega yameachiliwa, mkono wa juu ukining'inia ubavuni na kiwiko kimekunjwa kama anayetaka kuandika. Pima kutoka kwenye kiti hadi chini ya kiwiko, kisha ongeza sentimita 2 au 3, kwa sababu anayeandika husogeza mikono mbele na viwiko hupanda kidogo. Jibu ndilo linalokuambia uso wa meza uwe juu ya kiti kwa kiasi gani. Baada ya hapo pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, akiwa na viatu au kandambili anazovaa nyumbani. Hicho ndicho kimo ambacho kiti kingekuwa nacho kama kingetengenezwa kwa ajili yake peke yake.

Viwango vya Ulaya vya samani za shule, vinavyoitwa EN 1729, vinafuata mantiki hiyohiyo. Mtoto wa kimo cha kati ya sentimita 108 na 121 hupewa kiti cha sentimita 31 na meza ya 53. Wa kati ya 119 na 142 hupewa kiti cha 35 na meza ya 59, na wa kati ya 133 na 159 hupewa cha 38 na ya 64. Ukitoa kiti kwenye meza unapata 22, kisha 24, kisha 26. Tofauti hiyo hukua polepole sana: mtoto akirefuka kwa zaidi ya futi moja, meza yake inahitaji kupanda juu ya kiti kwa sentimita nne au tano tu. Kinachobadilika haraka ni miguu.

Jambo hili lina faida kubwa kwa mfuko wa mzazi. Ukifuata vipimo vya kiwandani vilivyo, utalazimika kununua kiti na meza upya kila baada ya miaka mitatu. Lakini tayari karibu kila nyumba ina kiti cha plastiki, na kile kisicho na mikono huwa na kimo cha sentimita 43 hivi mahali pa kukalia. Kwa mtoto wa gredi ya kwanza kiti hicho ni kirefu mno kwa miguu yake. Basi kiti kibaki kilivyo, meza ifuate kiti, na sakafu ndiyo ipandishwe. Weka ubao wa kukanyagia chini ya meza, na uupunguze kadiri miguu inavyorefuka.

Tuchukulie mfano wa binti wa gredi ya nne mwenye kimo cha sentimita 132. Akikaa kwenye kiti cha plastiki, kiwiko chake kiko sentimita 20 juu ya kiti. Ongeza 3, unapata 23. Kiti kina 43, kwa hiyo meza inayomfaa ni ya sentimita 66. Nyuma ya goti lake, akiwa na kandambili, ni sentimita 35 kutoka sakafuni, na kiti kina 43, hivyo anahitaji ubao wa kukanyagia wa sentimita 8. Mdogo wake wa gredi ya kwanza ana tofauti ya 22 na goti la 31, kwa hiyo anahitaji meza ya 65 na ubao wa sentimita 12. Watoto wawili waliopishana kwa miaka mitatu wanatofautiana kwa sentimita moja ya meza, ambayo haina maana. Meza ya sentimita 65 inawatosha wote wawili, wakipokezana kiti kimoja, ilimradi ubao wa miguu ubadilishwe.

Hapo ndipo fundi anapoingia. Karakana za seremala ziko nyingi katika miji yote miwili, na ukisema unataka meza ya mtoto atakuuliza, "Mama, ya saizi ya kawaida?" Saizi ya kawaida kwake ni inchi 30, yaani ileile 75 ya meza ya chakula. Mpe kimo kwa inchi kwa sababu ndivyo anavyokata mbao: inchi 25 na nusu, kutoka sakafuni hadi juu ya uso wa meza. Uso uwe na upana wa sentimita 100 na kina cha 55, ili daftari na kitabu cha kiada vikae sambamba bila kimoja kupanda juu ya kingine. Miguu ya mbao za inchi 2 kwa 2 inatosha.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima usimame nalo, hata akiona unamfundisha kazi. Chini ya uso wa meza fundi hufunga mbao za kuzunguka zinazoshika miguu, na kwa mazoea huzitumia za inchi nne au sita. Kwa mtoto mbao hizo humla nafasi ya mapaja. Kati ya kiti cha 43 na meza ya 65 kuna sentimita 22 tu. Toa 2 za unene wa uso, toa 15 za ubao wa inchi sita, na inabaki nafasi ambayo paja la mtoto haliingii. Atakaa mbali na meza na kuinama mbele, na utadhani ni uvivu. Mwambie fundi mbao hizo zisizidi inchi tatu upande wa mbele. Kwa sababu hiyohiyo usikubali droo ya katikati, hata ukipewa bure. Vitu viwekwe kwenye rafu ndogo pembeni.

Kuhusu mbao, saiprasi ni nafuu na inapatikana kote huku, lakini ni laini. Kalamu ikigandamizwa huacha mfereji, na mwaka ukiisha karatasi moja juu ya uso huo haiandikiki. Miguu iwe ya saiprasi na uso uwe wa plaiwudi nene, au mwekee daftari nene chini ya karatasi. Mkaratusi ni mgumu zaidi ila usipokauka vizuri hujipinda, na meza inayoyumba mguu mmoja humsumbua mtoto kuliko kelele. Kabla ya kulipa, weka meza kwenye sakafu ya simiti iliyo sawa na usukume pembe zote nne. Mwisho, omba vanishi isiyong'aa. Mafundi wengi hujivunia uso unaometameta, na kwa sebule ni sawa, lakini chini ya taa uso huo hurudisha mwanga machoni.

Ubao wa kukanyagia mtengenezee kwa mbao za meza zilizobaki. Chini ni fremu ya mbao za 2 kwa 2, sentimita 5. Juu yake vipande vitatu vya mbao za inchi moja, kila kimoja sentimita mbili na nusu, vimefungwa kwa skrubu badala ya misumari. Upana wa sentimita 45 na kina cha 30 vinatosha nyayo mbili kukaa bapa. Mtoto akikua, unafungua skrubu na kutoa kipande kimoja. Vipande vyote vikiisha, na kiwiko nacho kimepanda, unapigilia vibao vya sentimita 3 chini ya miguu ya meza, na baadaye vingine. Meza ya 65 inakuwa ya 68, kisha ya 71, ambayo inamfaa kijana wa gredi ya 9. Hili la gredi ya 9 lina uzito sasa, kwa kuwa tangu Januari 2023 gredi za 7 hadi 9 zimewekwa ndani ya shule za msingi, na watoto wengi wa umri huo wanarudi nyumbani kila jioni.

Kasoro iliyobaki ni kina cha kiti. Kiti cha plastiki ni kirefu kwenda nyuma kuliko mapaja ya mtoto, kwa hiyo akikaa hadi kwenye egemeo, ukingo wa kiti humkata nyuma ya magoti, na akisogea mbele, mgongo hauna pa kuegemea. Mto mgumu mgongoni humaliza tatizo. Blanketi lililokunjwa na kufungwa kwa kamba hufanya kazi bora kuliko sponji, ambayo hubonyea ndani ya wiki chache. Ukipitisha vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, mto umetosha.

Sasa meza iwekwe wapi? Huku tuliko, jibu linategemea saa. Masharti ya serikali ya mwaka 2015 yanasema masomo ya shule za kutwa yaishe saa tisa na nusu, kisha kuna michezo hadi saa kumi na robo tatu. Mtoto akifika nyumbani, akala na kubadilisha sare, ni saa kumi na moja au zaidi. Kitale na Bungoma ziko hatua chache kaskazini ya ikweta, hivyo jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache. Kuna saa moja na zaidi ya mwanga wa bure, na mwanga huo unashinda taa yoyote utakayonunua. Saa hiyo ndiyo ningeipangia meza.

Tatizo ni kwamba jioni jua liko chini magharibi. Dirisha la magharibi huleta mwale moja kwa moja kwenye karatasi, na mtoto hukunja uso au hugeuza daftari hadi anaandika kiubavu. Dirisha la kaskazini au la kusini ndilo bora, kwani hapa ikweta jua la mchana hupita juu ya paa na mwanga unaoingia ni ule wa anga, tulivu. Kama una la magharibi tu, pazia jepesi jeupe linatosha. Meza ikae ubavu kwa dirisha: mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia awe na dirisha kushoto, na wa mkono wa kushoto awe nalo kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie neno analoliandika. Akilitazama dirisha uso kwa uso atavutwa na kila mpita njia. Akilipa mgongo atajifunika kivuli chake mwenyewe. Kitale, iliyo juu zaidi kuliko Bungoma na yenye jioni za baridi, usisogeze kiti hadi kwenye dirisha lenye mwanya. Mtoto akisikia baridi atahamia kitandani na daftari, na meza itageuka ya kuwekea nguo.

Giza likiingia, kosa kubwa ni kutegemea balbu ya darini. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiusogeza mara mbili mbali, unabaki robo. Balbu iliyo mita mbili juu ya meza, ikishushwa hadi sentimita 40, huipa karatasi mwanga mara 25 zaidi, bila kuongeza hata senti ya tokeni. Ndiyo maana taa ndogo ya mezani yenye balbu ya LED ya wati 5 huishinda balbu kubwa ya chumba. Balbu ya darini nayo iachwe ikiwaka, kwani jicho linalotoka kwenye karatasi yenye mwanga mkali hadi kwenye chumba cheusi huchoka kujirekebisha kila mara.

Hesabu hiyo ina maana zaidi kwa nyumba zisizo na stima, au ambazo stima hupotea mvua ikianza. Koroboi hutoa mwanga kidogo mno na moshi mwingi, na mtoto huiinamia hadi nywele zikaribie moto. Taa za sola zimebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa. One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006 kwa kuwakopesha wakulima mbegu na mbolea, baadaye liliongeza taa za sola kwenye mkopo uleule, na zimeenea vijijini. Mara nyingi taa hiyo moja hutundikwa kwenye boriti ili familia nzima ione. Kwa mapishi na maongezi inatosha, lakini mtoto aliye chini yake hana mwanga wa kusomea. Kama taa ni moja, ishushwe mezani kwa muda wa masomo, itundikwe kwenye msumari wa ukutani ulioko sentimita 40 juu ya meza, upande ulio kinyume na mkono wa kuandikia. Ukichelewa kuianika asubuhi, usiku itafifia katikati ya hesabu, hivyo kazi ya kuianika apewe mtu mmoja anayejulikana.

Kuna njia mbili za kukagua taa bila chombo. Laza kioo kidogo juu ya meza mahali daftari linapokaa, kisha shusha kichwa chako hadi kimo cha macho ya mtoto. Ukiiona taa ndani ya kioo, mng'ao wake utamrudia pia kutoka kwenye karatasi. Isogeze pembeni hadi itoweke. Halafu elekeza kamera ya simu kwenye balbu. Ukiona mistari myeusi ikipita kwenye kioo cha simu, balbu hiyo inawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halitambui, na wapo watu wanaoumwa kichwa kwa hilo. Badilisha balbu.

Juu ya vinavyomvuta mtoto nitasema machache, kwa sababu meza ikikaa vizuri nusu ya kazi imekwisha. Kinachobaki ni sebule. Taarifa ya habari ya Kiswahili huanza saa moja jioni, wakati uleule jua limezama na mtoto amewasha taa, na hakuna mtoto wa miaka tisa atakayegawanya kwa tarakimu mbili huku televisheni ikiwa nyuma yake. Kama nyumba ina chumba kimoja cha kukaa, geuza meza itazame ukuta na iwe mbali na njia ya kwenda jikoni, kisha hesabu ziishe kabla ya taarifa na kusoma hadithi kuje baadaye. Simu ya mzazi inayotumiwa kwa kazi za shule ichajiwe chumba kingine, na iletwe tu anapoihitaji. Juu ya meza pasiwe na chochote isipokuwa somo la wakati huo. Vitabu vingine vikae kwenye rafu ya pembeni. Kelele za mvua kwenye mabati huwezi kuzizuia, ila unaweza kuzipangia: wakati huo apewe kuandika, wala asipewe imla.

Baada ya yote hayo, mtazame kwa wiki mbili. Umbali mzuri wa macho na daftari ni kama urefu wa kutoka kiwiko chake hadi vifundo vya ngumi. Kama meza ni ya kimo chake, miguu imekanyaga na mwanga uko sawa, lakini bado pua yake iko juu ya karatasi, au anafumba jicho moja, au anaruka mistari, chunguza macho. Kitale ina historia yake katika hili. Daktari wa macho Hillary Rono na wenzake, akiwemo Andrew Bastawrous, walifanya utafiti katika shule 50 za Trans Nzoia, ambapo katika nusu ya shule hizo walimu waliwapima wanafunzi kwa programu ya simu iitwayo Peek. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kupima kwa walimu kulifaulu, lakini somo kubwa lilikuwa juu ya wazazi. Katika shule zilizotumia utaratibu wa zamani, ni asilimia 22 tu ya watoto waliogunduliwa na tatizo waliofika hospitalini. Pale ambapo wazazi walipewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ubao, na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, walifika asilimia 54.

Kwa hiyo ukiambiwa shuleni kwamba mtoto haoni vizuri, mpeleke kwenye kitengo cha macho cha hospitali ya kaunti kabla hujagusa meza tena. Akirudi na miwani, mkalishe upya na upime kiwiko. Mtoto aliyezoea kuinama hukaa wima kwa mara ya kwanza, na mara nyingi utagundua kwamba kiwiko kiko sentimita moja au mbili juu ya pale ulipokipima alipokuwa amejikunja.